Kina Kinapovunjika: Kuusoma Wimbo wa Mtaani Darasani



Kila tunapofungua mada ya ushairi katika Gredi ya 8 hapa Eastlands, hazipiti dakika nyingi kabla ya mkono kuinuka. Mwanafunzi anataka kujua kama wimbo anaousikia kwenye matatu ya kutoka Kayole ni shairi au ni kelele tu. Mwalimu mwenye haraka humjibu kuwa ni shairi, kisha anarudi kwenye tarbia iliyo kitabuni. Mwanafunzi hubaki na neno "ndiyo" ambalo hajui alifanyie nini. Leo nataka kulifanyia kazi neno hilo. Nitachukua ubeti mmoja na kibwagizo chake, niupitishe polepole kwenye vina, taswira na nafsi. Nitadai jambo moja: katika wimbo uliotungwa vizuri, mahali kina kinapovunjika ndipo tunapopaswa kusimama na kuuliza ni nani anayesema.

Kwanza tuangalie kwa nini kipimo chetu cha kawaida hukwama. Sheria nyingi tunazofundisha, za vina na mizani, ziliandikwa wazi na Kaluta Amri Abedi katika kitabu chake cha mwaka 1954, naye alikuwa akieleza ufundi uliokuwepo pwani kwa karne nyingi. Kwa sheria hizo, kina ni silabi ya mwisho inayofanana, konsonanti na irabu yake. "Ri" hupatana na "ri", na "zi" hupatana na "zi". Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake *Kichomi*, mzozo mkali ukazuka kuhusu mashairi huru, na tangu hapo shule zetu zimekuwa na visanduku viwili: shairi la arudhi na shairi huru. Sasa chukua wimbo wa Kalamashaka, vijana wa Dandora walioanza kuvuma kwa Kiswahili na Sheng mwishoni mwa miaka ya 1990. Au wa Juliani, aliyetoka Dandora hiyo hiyo kupitia Ukoo Flani Mau Mau. Au genge ya Jua Cali kutoka mtaa wa California. Ukiupima kwa silabi ya mwisho utasema hauna vina, kwa hiyo ni shairi huru. Lakini sikio linakataa. Sikio linasikia vina kila mahali. Hapo mwanafunzi anafikia uamuzi kwamba ama sikio lake ni bovu au darasa halisemi kweli, na mara nyingi huchagua la pili.

Ubeti nitakaoutumia nimeutunga mwenyewe kwa ajili ya somo hili. Nyimbo maarufu zina wenyewe, na tena kila kijana amekwisha kuzihukumu kabla hajazisoma. Ubeti mgeni humlazimisha asikilize.

Bado ni giza, mathe ashadandia gari,
Marikiti inamuita, mimi naitwa na maji,
Mitungi mbili mkononi, napanda hizi ngazi,
Ghorofa ya tano, ukuta umekohoa rangi.

Hii soo ni ya unga, anza na yule mtoto,
Ukiulizwa niko wapi, sema niko soko,
Landilodi akigonga, usimuonyeshe hiyo doo,
Stima ikipotea, kitabu kisome na moto.

Tunapanda, tunapanda, nani alihesabu ngazi?
Tunapanda, tunapanda, na juu hakuna maji.

Usianze kwa kuwapa wanafunzi maandishi. Soma kwa sauti mara mbili huku ukigonga meza kwa mapigo manne katika kila mshororo, na wao waandike wanachosikia. Madaftari yatatofautiana, na tofauti hizo zina kazi yake. Aliyeandika "soko" na aliyeandika "sokoni" watabishana, na ubishi huo utatufaa baadaye.

Sasa waambie wapigie mstari maneno ya mwisho ya mishororo minne ya kwanza: gari, maji, ngazi, rangi. Kwa kipimo cha kitabu, silabi za mwisho ni ri, ji, zi, ngi. Hakuna hata mbili zinazofanana. Waambie sasa wafute konsonanti zote na kubakiza irabu tu. Gari inabaki a-i. Maji, a-i. Ngazi, a-i. Rangi, a-i. Darasa huchangamka hapo, kwa sababu kile ambacho sikio lilikijua sasa kimeonekana kwa macho. Hiki ni kina cha irabu, na kimekamata silabi mbili badala ya moja.

Mbona mtunzi wa mtaani anajali silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali mshairi wa jadi aliridhika na ya mwisho? Sababu iko katika matamshi yetu. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho: GA-ri, MA-ji, NGA-zi. Shairi la jadi hughaniwa, na mghani huvuta sauti mwishoni mwa mshororo, hivyo silabi ya mwisho hupata muda wa kusikika. Wimbo wa kufokafoka hauvuti. Unaenda na ngoma, na pigo la nne la ngoma hudondoka palepale penye mkazo. Silabi ya mwisho hupita upesi, karibu kumezwa. Kwa hiyo mtunzi anaweka kina chake mahali ngoma inapopiga, na konsonanti ya mwisho inaweza kubadilika bila msikilizaji kuumia.

Hesabu ya mizani nayo inathibitisha hilo. Mshororo wa kwanza una silabi 14, wa pili 17, wa tatu na wa nne 16 kila mmoja. Mwalimu wa arudhi ataandika kwa kalamu nyekundu kwamba mizani imevurugika. Ila gonga meza tena. Katika wa kwanza mapigo yanaangukia gi-, ma-, -di-, ga-: bado ni GIza, MAthe ashadanDIa GAri. Katika wa pili, mariKIti inamuIta, mimi naItwa na MAji, na neno "mimi" linabanwa katikati ya mapigo. Mapigo ni manne hapa na manne pale. Kinacholingana ni mapigo, na silabi hukaza au kulegea kuyafuata. Mwanafunzi akiandika katika mtihani kwamba "mizani haitoshani lakini kila mshororo una mapigo manne, na pigo la mwisho linaangukia kina", amesema jambo la kweli linaloweza kukaguliwa. Akiandika "vina na mizani vimezingatiwa", hajasema kitu, hata kama mwongozo wa kusahihisha utampa alama.

Tuendelee na mishororo minne ya pili: mtoto, soko, doo, moto. Irabu ni o-o kote. Kina kimehama kutoka a-i hadi o-o. Kwa nini?

Waulize wanafunzi hivyo hivyo, kisha unyamaze. Wapo watakaosema maneno ya a-i yamemwishia mtunzi. Jibu hilo si la kipuuzi, maana nyimbo nyingi hubadilisha kina kwa sababu hiyo hasa, na ni lazima tuwe na njia ya kutofautisha. Njia yenyewe ni kuangalia viambishi vya nafsi na vya wakati mahali pale pale kina kilipobadilika. Kama kina kimehama lakini nafsi, wakati na anayeambiwa vimebaki vilevile, basi ni ufundi wa kupumzisha sikio tu, wala tusilazimishe maana. Kama na hivyo vimehama, kuna jambo.

Hapa vimehama vyote. Katika sehemu ya kwanza kuna "mimi", kuna "napanda", na mathe anatajwa kama mtu wa tatu: "ashadandia", "inamuita". Katika sehemu ya pili "ni" bado yumo, "niko soko", lakini si yule yule. Aliye sokoni ni mama, na yule aliyekuwa "mimi" sasa ndiye anayeambiwa: "ukiulizwa", "usimuonyeshe". Hakuna alama za mtajo, wala "akasema" au "aliniambia". Kina ndicho kilichofanya kazi ya alama za mtajo. Irabu zilipogeuka, mdomo uligeuka. Darasani huwa anapatikana mmoja anayelidaka kabla ya wengine: "Mwalimu, hapo si yeye anaongea, ni mathe!"

Msiishie hapo, kwa sababu liko tundu ambalo wanafunzi wenye macho makali hulichungulia. Katika mshororo wa kwanza mama tayari ameondoka. Amedandia gari, na kungali giza. Anawezaje kutoa maagizo katika mshororo wa tano? Jibu ni kwamba haongei sasa. Aliyasema kabla ya kutoka, na mtoto anayakumbuka akiwa ngazini, mitungi mkononi. Sauti ya mama imo ndani ya kichwa cha mtoto. Ndiyo maana nafsi neni ya ubeti huu ni moja na vilevile ni mbili. Mtunzi anaweza kuulizwa kama alikusudia hivyo. Mimi nimeutunga, na nawaambia kwamba nilikusudia. Lakini hata kama mtunzi hayupo wa kuulizwa, ushahidi uko katika ubeti wenyewe, na mwanafunzi ana haki ya kuutumia.

Somo la nafsi ndilo ninalolihangaikia kuliko yote katika mitaa yetu. Vijana wetu wanawajua wasanii. Wanajua nani ametoka Umoja, nani Kariobangi, nani anaishi karibu na kwao. Kwa hiyo wimbo ukisema "niliiba", wanaamini msanii aliiba, na wazazi nao wanaamini hivyo hivyo. Lazima watu watatu watenganishwe: aliyetunga, anayeimba, na nafsi neni inayosema ndani ya wimbo. Wakati mwingine ni mtu mmoja kweli. Mara nyingi si mmoja. Katika kundi lenye wasanii watatu, kila mmoja na ubeti wake, unaweza kupata nafsi neni tatu zinazopingana kuhusu jambo moja, na mwanafunzi anayeziita zote "msanii" atashindwa kueleza ni kwa nini wimbo unajipinga. Katika ubeti wetu, mimi ni mtu mzima, na anayepanda ngazi ni mtoto anayeachiwa mwenzake mdogo amlishe. Hatuambiwi kama ni wa kike au wa kiume. Wavulana husema ni mvulana na wasichana husema ni msichana, na kila upande ukitakiwa kutoa ushahidi hukuta hakuna.

Na tazameni jinsi tunavyoijua nyumba hii. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba kodi haijalipwa, au kwamba baba hayupo. Tunaokota kodi kutokana na agizo la kumficha landilodi hela. Na baba hatajwi kabisa katika orodha ya maagizo ambayo, kama angekuwepo, pengine ingekuwa fupi. Hilo la pili ni dhana, na wanafunzi waliandike kama dhana. La kwanza ni hitimisho, kwa kuwa maneno yapo. Gredi ya 8 wana umri wa kutosha kujifunza tofauti hiyo.

Sasa taswira. Nina zoezi moja tu ninaloliamini. Kila mwanafunzi achore kile mshororo unachompa, kwa penseli, bila kuongeza kitu. Mshororo wa tatu huchorwa na wote: mtu, mitungi, ngazi. Hapa Eastlands hauhitaji maelezo, kwa kuwa majumba marefu ya Pipeline, Umoja na Kayole mengi hayana lifti, na maji yakikatika juu hubidi yafuatwe chini. Mshororo wa sita, ule wa kusema niko soko, hawawezi kuuchora. Huo si udhaifu wake. Ni kauli, na kauli nayo ina mahali pake. Mshororo unaozua kazi ni wa nne: ukuta umekohoa rangi. Wengine huchora ukuta wenye mabaka. Wengine huchora ukuta wenye mdomo. Wote wameuelewa. Rangi iliyobambuka kwa unyevu imepewa kitendo cha mgonjwa, na hiyo tunaiita tashihisi. Lakini ukishaipa jina hujamaliza. Uliza: ni nani hukohoa ndani ya nyumba yenye unyevu? Wakazi wake. Kikohozi kimehamishwa kutoka kifua cha mtu kwenda kwenye ukuta wake, na ugonjwa wa familia umesemwa bila kutajwa.

Badilisha mshororo huo kwa makusudi. Andika ubaoni: "Ghorofa ya tano, maisha ni magumu na machungu." Kina kimekufa, hilo wataliona mara moja, lakini waambie pia wachore. Hakuna cha kuchora. Magumu yapo katika kila wimbo kutoka Githurai hadi Likoni, ila ukuta unaokohoa upo hapa.

Zoezi hilo la kubadilisha linatusaidia pia na Sheng, ambayo huwaumiza walimu wengi kichwa. Tabia iliyozoeleka ni kutafsiri kwanza: mathe andika mama, soo andika mia moja, doo andika pesa, kisha uchambue. Nawasihi msianze hivyo. Badilisheni neno moja moja na muangalie kinachovunjika. Weka "pesa" mahali pa "doo" katika mshororo wa saba: irabu zinakuwa e-a, na kina cha o-o kinakatika katikati ya maneno ya mama. Kwa hiyo "doo" lilikuwa nguzo ya kina. Weka "mia" mahali pa "soo" katika mshororo wa tano: kina hakitikisiki, kwa sababu neno liko mwanzoni. Weka "mama" mahali pa "mathe": kina kiko salama, lakini umbali kati ya mtoto na mama umebadilika, kwa hiyo neno lile lilikuwa la nafsi. Maneno matatu ya Sheng, na kila moja limelijibu jaribio kwa njia yake. Mwanafunzi aliyefanya jaribio hili hawezi tena kuandika kwamba msanii "ametumia lugha isiyo sanifu" akaishia hapo.

Na ule ubishi wa soko na sokoni? Kwa sarufi, "niko sokoni". Mtunzi ameacha "ni" ya mahali ili irabu zibaki o-o. Ni uhuru uleule wa mshairi tunaouruhusu katika mashairi ya jadi, tunapoita inkisari mshairi anapofupisha neno ili mizani itoshe. "Mitungi mbili" ni jambo jingine. Hapo hakuna kina kilichookolewa, na "mitungi miwili" ingetosha katika mapigo bila shida. Ni mazungumzo ya mtaa, basi, na yanatuambia anayesema ni nani. Mwanafunzi akiyatia makosa haya mawili katika kapu moja, mrudishe kwenye jaribio.

Imebaki kibwagizo. Kina kinarudi a-i, kwa maneno mawili tuliyokwisha kuyasikia, ngazi na maji, lakini nafsi sasa ni "tu". Mtoto hayuko peke yake. Huenda ni yeye na mama, huenda ni jengo zima, huenda ni mtaa. Ngazi za mshororo wa tatu zilikuwa za saruji. Baada ya kusikia habari za unga, kodi na kitabu, ngazi za kibwagizo haziwezi kubaki za saruji tu. Shule ni ngazi, kazi ni ngazi, na juu hakuna maji. Neno halikubadilika hata herufi, ila limesikika baada ya mama kusema, na ndiyo maana linabeba mzigo mwingine. Ushairi wa Kiswahili umekifanyia kibwagizo kazi hii tangu zamani, na mwanafunzi akishaiona hapa, umpe tarbia yenye kituo kinachorudi na umwachie atafute mwenyewe.

Niseme kidogo kuhusu uteuzi wa nyimbo. Tangu gengetone ilipoibuka mwaka 2018, na kundi la Ethic la Umoja likiwa mstari wa mbele, zimetoka nyimbo zenye ufundi mkubwa wa kina na maneno ambayo siwezi kuyasoma mbele ya watoto wa miaka 13. Sizipeleki darasani. Watoto wanazijua hata hivyo, na wakija nazo nawaambia wafute konsonanti kwenye maneno ya mwisho nyumbani kwao, kimyakimya. Wimbo wa darasani nauteua kwa kuangalia kama kina kinahama angalau mara moja na kama nafsi inahama nacho. Wimbo wenye kina kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho unaweza kuwa mtamu, lakini hauna mahali pa kumsimamisha mwanafunzi.

Kazi ya mwisho ninayowapa ni kutunga ubeti wa landilodi. Mishororo minne, mapigo manne, na wachague irabu wenyewe. Wengi humpa irabu ngeni, u-a au e-e, kwa sababu wameelewa kwamba mdomo mpya unataka kina kipya. Kisha kuna wachache wanaompa a-i, ile ile ya mtoto, na hapo darasa hugawanyika. Upande mmoja husema wamekosea, wamemchanganya landilodi na mtoto. Upande wa pili hujibu kwamba landilodi naye anapanda ngazi zile zile kuja kudai kodi, na jengo lisilo na maji juu ni lake. Huwaacha wabishane hadi kengele ilie, mradi kila anayesema aoneshe silabi anayoitegemea.